Ngazi ya kodi inayouma si ile ya milioni

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili mchana, na baada ya "shikamoo mjomba" hakuzunguka. Kampuni anayofanyia kazi hapa Dar es Salaam ilimwita ofisini Ijumaa na kumwambia mshahara wake utapanda kutoka shilingi 1,100,000 hadi 1,200,000. Badala ya kufurahi, kijana alikuwa na wasiwasi. Wenzake kazini walimweleza kwamba sasa ataingizwa kwenye asilimia 30, na kwamba kodi itameza nyongeza yote kisha imege hata kile alichokuwa nacho. "Mjomba," akaniuliza, "si bora niwaombe waniache hapa hapa?"

Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka mingi, na swali hili nimelisikia kwa madereva, kwa wauguzi, na mara moja kwa meneja mwenye shahada mbili. Nikamwambia achukue karatasi. Hesabu ya mshahara Tanzania Bara haitaki mtaalamu. Inataka mtu anayejua ianzie wapi.

Inaanza na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mpwa wangu yuko sekta binafsi, kwa hiyo mfuko wake ni NSSF. Mchango mzima ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na kwa kawaida nusu inakatwa kwake, nusu mwajiri anaitoa mfukoni mwake juu ya mshahara. Kwenye 1,200,000, kijana anakatwa 120,000. Inabaki 1,080,000, na hiyo ndiyo pesa ambayo TRA inaitazama. Mchango wa uzeeni unatoka kwanza, kodi inafuata nyuma yake. Shika hilo, maana mpwa wangu lilikuja kumgharimu.

Kisha inakuja kodi yenyewe, ile PAYE ambayo kwa Kiswahili cha TRA huitwa Lipa Kadri Unavyopata. Shilingi 270,000 za mwanzo za mwezi hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20, kutoka 760,000 hadi milioni asilimia 25, na kinachozidi milioni asilimia 30. Siri yote iko kwenye neno "kinachozidi". Asilimia 30 haigeuki nyuma kuifuata ile laki mbili na sabini ya kwanza. Inagusa tu shilingi zilizopanda juu ya milioni, na kwa kijana huyu hizo ni 80,000 peke yake.

Kodi ya milioni ya kwanza tunaijua tayari: ni 20,000 kwa kipande cha asilimia 8, na 48,000 kwa kipande cha asilimia 20, na 60,000 kwa kipande cha asilimia 25. Jumla 128,000. Ndiyo maana jedwali la TRA lina namba hiyo kwenye mstari wa mwisho, na watu wengi huiona kama faini ya kuvuka milioni. Si faini. Ni kodi ya ngazi za chini ambayo wamekujumlishia usihangaike. Ongeza asilimia 30 ya 80,000, yaani 24,000, unapata 152,000. Toa 120,000 za NSSF na 152,000 za kodi kwenye 1,200,000, mkononi zinabaki 928,000.

Na kabla ya nyongeza? Kwenye 1,100,000 alikatwa 110,000 za mfuko, ikabaki 990,000. Kodi yake ilikuwa 68,000 za ngazi za chini na asilimia 25 ya 230,000 zilizozidi 760,000, jumla 125,500. Mkononi zilibaki 864,500. Kwa hiyo nyongeza ya laki moja inamletea nyumbani 63,500. Mwenye kutaka kulalamika kwamba 36,500 zimeishia njiani anayo haki hiyo, ingawa 10,000 kati yake zimekwenda kwenye akiba yake mwenyewe. Lakini hakuna mshahara wowote kwenye jedwali hili ambao ukipandishwa, kinachobaki mkononi kinashuka. Haiwezekani, kwa sababu hata juu kabisa, kila shilingi 1,000 ya nyongeza inakuachia 630 baada ya NSSF na kodi.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko la kwanza: "Sasa hao wanaolalamika kwamba wamepandishwa na hawaoni kitu, wanadanganya?"

Hawadanganyi. Ila ngazi wanayoilaumu siyo inayowauma.

Jedwali la kodi tumezoea kulisoma kama asilimia tano zilizopangana: sifuri, 8, 20, 25, 30. Ukilisoma hivyo, jicho linakimbilia 30 kwa sababu ndiyo namba kubwa. Mimi kwenye kompyuta silipangi hivyo. Ninaandika kila ngazi kwa kile inachoongeza juu ya ile iliyotangulia, na kanuni nzima inaingia kwenye mstari mmoja. Seli B1 ikiwa na kiasi kinachotozwa kodi, yaani kilichobaki baada ya mchango wa mfuko, kodi ya mwezi ni hii:

```
=MAX(0,B1-270000)*8%+MAX(0,B1-520000)*12%+MAX(0,B1-760000)*5%+MAX(0,B1-1000000)*5%
```

Weka 1,080,000 uone kama haikupi 152,000. Lakini zitazame zile asilimia zenyewe: 8, 12, 5, 5. Kuvuka milioni kunaongeza asilimia 5 tu juu ya uliyokuwa ukilipa. Kuvuka 760,000 vilevile. Mruko mkubwa kuliko yote, mkubwa hata kuliko ule wa kuanza kulipa kodi, uko kwenye 520,000, pale unapotoka asilimia 8 na kutua kwenye 20. Chini ya hapo, mfanyakazi wa NSSF akiongezwa shilingi 1,000 anabaki na 828. Hatua moja juu yake anabaki na 720. Ni shilingi 108 zilizopotea kwa kuvuka mstari mmoja, wakati kuvuka milioni kunamnyima 45 tu kwa kila 1,000.

Ngazi ya milioni inasemwa kwa sababu wanaoikaribia wana sauti. Wana ofisi zenye viyoyozi, wana makundi ya WhatsApp, na neno "milioni" lenyewe lina mvuto. Ngazi ya 520,000 haina jina. Kwa mwanachama wa NSSF inafikiwa kwenye mshahara ghafi wa takriban 578,000. Kwa mtumishi wa umma, ambaye PSSSF inamkata asilimia 5 badala ya 10, inafikiwa mapema zaidi, kwenye 547,000 hivi. Hizo ni namba za mhudumu wa ofisi, dereva, na karani anayeanza kazi.

Hapa kuna kitu kinachostahili kutazamwa kwa utulivu, nacho ni kima cha chini cha mshahara serikalini. Mwaka 2020 kilikuwa shilingi 300,000. Julai 2022 kikapanda hadi 370,000, ile nyongeza ya asilimia 23.3 iliyozungumzwa sana. Siku ya Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kitapanda tena hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Ngazi za kodi nazo zilisogezwa Julai 2020, pale kiwango kisichotozwa kodi kilipotoka 170,000 na kufika 270,000. Mwaka 2021 asilimia ya chini ikatolewa 9 ikawekwa 8. Tangu hapo hadi mwaka wa fedha 2025/26 ngazi zimesimama zilipo, na mishahara imepita juu yake ikitembea.

Mchukue mtumishi wa kima cha chini, mtu mmoja, umfuate. Alipokuwa na 300,000, PSSSF ilimkata 15,000, ikabaki 285,000. Zilizozidi 270,000 zilikuwa 15,000 tu, na kwa asilimia 8 kodi yake ilikuwa shilingi 1,200. Nauli ya daladala, basi. Alipofika 370,000, kilichotozwa kodi kikawa 351,500 na kodi 6,520. Sasa ana 500,000. Mfuko unachukua 25,000, zinabaki 475,000, na kodi ni 16,400.

Mshahara umepanda kwa theluthi mbili. Kodi imeongezeka zaidi ya mara 13. Wala hakuna mbunge aliyesimama bungeni kuomba kodi ya mtu huyu ipandishwe, wala hakuna Waziri wa Fedha aliyeisoma kwenye hotuba ya bajeti. Imepanda yenyewe, kimyakimya, kwa sababu mtu alipanda na ngazi haikusogea.

Sitaki kutia chumvi. Nyongeza ya 2025 ilikuwa kubwa na ilifika mkononi. Kati ya zile 130,000, PSSSF ilichukua 6,500 zaidi, bima ya afya kwa asilimia 3 ilichukua 3,900, na kodi 9,880. Zilizobaki ni 109,720, kabla ya chama cha wafanyakazi na mikopo. Anayesema Serikali ilitoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto hajapiga hesabu.

Shida iko kwenye nyongeza ijayo. Mtumishi huyu sasa anatozwa kodi kwenye 475,000. Kati yake na ule mruko wa asilimia 12 zimebaki 45,000. Tuseme siku moja Mei Mosi inamletea laki moja, mshahara unafika 600,000. PSSSF inachukua 30,000, zinabaki 570,000, na kodi inakuwa 20,000 za kipande cha chini na asilimia 20 ya 50,000, jumla 30,000. Kodi yake imepanda kwa 13,600. Kwa maneno mengine, nyongeza ya 100,000 itamgharimu kodi kubwa kuliko ilivyomgharimu nyongeza ya 130,000. Atasimama uwanjani kushangilia, kisha mwisho wa mwezi ataitazama salari slipu yake na kusema kuna mtu ameiba. Utamwonyesha jedwali, na jedwali litakuwa sahihi, na yeye pia atakuwa na hoja.

Kwa hiyo nadhani mjadala wa kodi ya mishahara nchini umeelekezwa mahali pasipo na pesa. Tumezoea kudai asilimia ya chini ishuke. Vyama vya wafanyakazi hudai hivyo kila mwaka, na mabango huandikwa hivyo, kwa sababu asilimia ni rahisi kuitamka kwenye kipaza sauti. Mei Mosi 2021, kule Mwanza, Rais alipotangaza kutoka 9 kwenda 8, makofi yalikuwa mengi. Sasa piga hesabu yake. Kipande kinachotozwa asilimia hiyo kina upana wa shilingi 250,000. Asilimia 1 ya hiyo ni 2,500. Hicho ndicho alichopata kila mfanyakazi aliyekuwa amevuka 520,000, awe karani au mkurugenzi mkuu: shilingi 2,500 kwa mwezi. Aliye chini ya hapo alipata pungufu. Yule wa kima cha chini, aliyekuwa analipa 1,350, aliokoa shilingi 150.

Linganisha na kilichofanyika mwaka mmoja kabla yake bila shangwe kubwa, pale ngazi zote ziliposogezwa juu huku asilimia zikibaki zilezile. Kabla ya Julai 2020, mwenye kiasi cha 400,000 kinachotozwa kodi alikuwa analipa 25,100. Baada yake alilipa 11,700. Ameokoa 13,400 kila mwezi, zaidi ya mara tano ya kile ambacho asilimia moja ya mwaka uliofuata ingeweza kumpa mtu yeyote. Kwa mwenye milioni nafuu ilifika 51,600. Asilimia hupigiwa makofi, lakini pesa hutoka ngazi zinaposogea.

Nakubali kuna upande wa pili, na si upande wa kubeza. Ngazi ukiisogeza, unampa nafuu kila aliye juu yake pia, mpaka mkurugenzi. Na Hazina haipendi kugusa kodi hii kwa sababu ni rahisi kuliko zote kuikusanya: mwajiri anaikata kabla mfanyakazi hajaiona, anaiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, hakuna wa kukimbizana naye. Ukitaka ngazi zote zifuate mishahara ilivyopanda tangu 2020, kiwango kisichotozwa kingetakiwa kuwa 450,000 na mruko wa 520,000 ungehamia karibu 867,000. Hakuna Waziri wa Fedha atakayesaini hiyo, na mimi ningekuwa kwenye kiti chake nisingesaini.

Lakini ngazi moja inasogezeka. Toa ule mstari wa 520,000 uweke kwenye 600,000, usiguse kingine chochote. Kila aliye na kiasi kinachotozwa kodi kuanzia 600,000 kwenda juu anaokoa asilimia 12 ya 80,000, yaani 9,600 kwa mwezi. Ni karibu mara nne ya nafuu ya 2021. Mwenye mshahara ghafi wa 700,000 ataiona, kwa sababu ni zaidi ya asilimia moja ya mshahara wake. Mwenye milioni tano hataiona, itapotelea kwenye mafuta ya gari. Na mtumishi wa kima cha chini atapata nafasi ya kupanda mara moja au mbili zaidi kabla ya kugonga kichwa.

Kuna njia ya pili, ambayo binafsi naipenda zaidi japo haina mvuto wa jukwaani: kuiandika sheria kwa namna ambayo kima cha chini cha Serikali kikipandishwa, angalau ngazi mbili za chini zinajadiliwa katika bajeti hiyohiyo. Sisemi zisogee zenyewe. Nasema tu mtu alazimike kusimama na kueleza kwa nini hazisogei. Leo hakuna anayelazimika.

Watu wengi hulinganisha mshahara wa serikalini na wa kampuni kwa kutazama asilimia za mfuko peke yake. "Serikalini wanakata 5, huku 10, kwa hiyo kule unapata zaidi kwa asilimia 5." Si kweli. Mpwa wangu angekuwa na mshahara wa msingi wa 1,200,000 serikalini, PSSSF ingemkata 60,000 badala ya 120,000. Lakini zile 60,000 alizoponea zingehamia upande wa kodi, na ziko kwenye ngazi ya asilimia 30, hivyo TRA ingechukua 18,000. Faida inabaki 42,000. Weka bima ya afya, 36,000, na tofauti inakaribia kuisha. Na kila mfuko kati ya hiyo miwili unaingiziwa 240,000 ileile kwa mwezi, kwa kuwa serikalini mwajiri anachangia asilimia 15. Mchango mkubwa wa NSSF una kivuli cha kodi ambacho wengi hawakihesabu: ukikatwa 1,000 ya mfuko ukiwa juu ya milioni, mkononi umepungukiwa 700 tu.

Mkopo wa elimu ya juu hauna kivuli hicho. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato hayo hayapunguzi kodi hata senti. Mpwa wangu amemaliza deni lake. Angekuwa nalo, zingetoka 180,000 kwenye zile 928,000, zibaki 748,000. Mhitimu wa chuo anayelia kwamba kodi inammaliza, mara nyingi ukimfungua salari slipu unakuta kinachommaliza ni hicho, kimekaa mstari mmoja chini ya PAYE na kimeizidi.

Basi kijana akakubali nyongeza. Nilimwambia aandike 928,000 mahali, na siku mshahara ukiingia alinganishe. Mwisho wa mwezi akapiga tena. Benki ilikuwa imeingia 892,000.

Mtu asiyejua angeachia hapo, aseme wenzake walikuwa sahihi. Lakini pengo la mshahara mara nyingi hutaja lenyewe lilikotoka. Zilizopungua ni 36,000. Gawanya kwa asilimia 30, ile ngazi yake ya juu, unapata 120,000. Na 120,000 tunaijua, ni mchango wake wa NSSF. Kwa hiyo kabla hajanitumia picha ya salari slipu nilishajua kilichotokea: mhasibu aliyebadilisha mshahara wake kwenye mfumo alikuwa ameipiga kodi kwenye 1,200,000 nzima, kana kwamba mfuko hauhesabiki. Kodi ikawa 188,000 badala ya 152,000. Picha ilipofika, mstari wa kiasi kinachotozwa kodi ulikuwa na namba ileile ya mshahara ghafi. Hiyo ndiyo alama ya kosa hili, na mtu yeyote anaweza kuiona bila kikokotoo: mistari hiyo miwili ikilingana wakati unachangia mfuko, unalipa kodi ya pesa ambayo hukuipokea. Kwa mwaka zingekuwa 432,000.

Nilimwambia asiende kwa hasira. Makosa ya namna hii kwa kawaida si wizi, kwa sababu kilichozidi hakibaki kwa mwajiri, kinakwenda TRA. Aende na swali moja tu: kodi yangu imeanzia kwenye namba gani? Akaenda Jumatatu. Mhasibu akafungua mfumo, akakuta jina lake limeingizwa upya na kisanduku cha mchango wa mfuko unaokatwa kabla ya kodi hakijawekwa alama. Wakarekebisha, wakamwandikia kwamba 36,000 zitarudishwa kwenye mshahara unaofuata na ritani ya PAYE itarekebishwa.

Zikarudi kweli. Ila nilimpa kazi nyingine, kwa kuwa kosa moja kwenye mfumo husafiri na ndugu zake. Nikamwambia aombe taarifa yake ya michango NSSF, na aangalie mwezi ule kama zimeingia 240,000, mara mbili ya kinachosomeka kwenye salari slipu. Zikiingia 120,000 tu, maana yake nusu ya mwajiri haijafika. Zikiingia 220,000, wamesahau kubadilisha mshahara upande wa mfuko na bado wanachangia kwa ule wa zamani.

Alinijibu jioni kwa ujumbe mfupi: "Mjomba, 220,000." Jumanne akarudi tena kwa mhasibu.